Saa mbili ya dukani si saa mbili ya simu

Mama mdogo wangu anauza vitenge maeneo ya Makoroboi, hapa Mwanza. Siku moja alinipigia kwa hasira: "Mwanangu, hii WhatsApp Business inanifukuzia wateja!" Mteja wake wa Nansio, mama anayechukua doti kumi kumi kwenda kuuza Ukerewe, alimwandikia saa nane mchana kuulizia mzigo mpya. Akajibiwa papo hapo: "Tumefunga, karibu kesho." Mama mdogo yuko dukani, anakunja vitenge! Yule mama akanunua kwingine.

Nilipofungua saa za kazi kwenye simu yake nikakuta 2:00 AM hadi 12:00 PM. Alichokusudia ni saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Lakini simu huanza kuhesabu usiku wa manane, sisi tunaanza na jua, kwa hiyo tunapishana saa sita. Saa mbili asubuhi yetu ni 8:00 AM, na saa kumi na mbili jioni ni 6:00 PM. Ile 12:00 PM aliyoweka ni saa sita mchana, na ujumbe wa kutokuwepo, ule unaojituma wenyewe, ulipangwa "Outside of business hours", yaani nje ya saa za kazi. Basi kila aliyeandika baada ya adhuhuri alifungiwa mlango, na aliyeandika saa tisa usiku hakujibiwa kitu, maana kwa simu duka lilikuwa wazi. Ukiona hali hiyo, anza kukagua saa.

Tulirekebisha siku moja moja, Jumapili tukaifunga. Kisha nikamshauri saa aziandike kwa Kiswahili ndani ya ujumbe wenyewe:

"Habari, duka limefungwa. Tunafungua Jumatatu hadi Jumamosi, saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni. Tuma picha ya kitenge na idadi ya doti, tutakujibu tukifungua."

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo ninayoipenda. Asubuhi anakuta oda, si "mambo" na "upo?" ishirini.

Tulibishana kuhusu salamu, ule ujumbe wa kukaribisha ambao nao hujituma wenyewe. Alitaka ibebe kila kitu: bei, ramani, saa, hata dua. Mimi nasema mistari miwili inatosha, kwa sababu salamu huenda kwa anayeandika mara ya kwanza au aliyekaa kimya siku 14. Yule mama wa Nansio anaandika kila wiki, hataiona kamwe. Ukibadilisha saa za kufunga ukaziweka kwenye salamu pekee, wateja wako wa kudumu ndio watakaokosa habari.

Usiku ule nikamwandikia mama mdogo kwa namba yangu ya pili, kujaribu. Kimya. Ujumbe wa kutokuwepo hutoka simu ikiwa na intaneti, na mama mdogo huzima data akifunga duka.

"Bando linaisha, mwanangu."

Basi. Bando ni lake.