Kabla hujabadilisha sistimu, chungulia tundu

Juzi baada ya Alasiri alinijia ami yangu, simu mkononi, amechoka nayo. "Mwanangu, fundi asema sistimu ya chaji imekufa." Chaji ilishika tu akiuinua waya kwa kidole. Nikachomeka waya nikatazama: chuma cha kichwa chake kilibaki nje kama milimita 1, na ule mlio wa "tak" haukusikika. Waya usiofika mwisho, kwanza shuku uchafu.

Ami ni mtu wa kanzu, na simu hushinda mfukoni. Kila akichomeka waya huyashindilia manyoya ya nguo ndani zaidi, mpaka yakagandamana kama sufi ya godoro kuukuu. Na vichochoro vya Lamu navyo havikosi mchanga.

Nikaizima simu, nikachukua kijiti cha meno cha mbao, nikakichonga ncha ikawa bapa. Ndani ya tundu la Taipu-C mna ulimi mwembamba katikati, ndio uliobeba miguso ya umeme, na huo hausukumwi wala haukwanguliwi. Kijiti hupita baina ya ulimi na ukuta hadi chini, kisha huvuta uchafu nje taratibu, upande mmoja halafu wa pili, tundu limeinamishwa ili kinachong'oka kianguke. Baadaye likatoka bonge jeupe lenye chembe za mchanga. Waya ukaingia: tak.

Sindano siipendi, ingawa ndiyo kimbilio la wengi. Chuma huikwaruza miguso au huiunganisha isipotakiwa, na simu ikizimwa betri bado ina umeme. Wala usipulize kwa mdomo. Unatia unyevunyevu, na hewa yetu ya chumvi inatosha.

Ila kuna kulegea ambako kijiti hakifai kitu. Tundu ni safi, waya umefika mwisho, lakini unacheza kama jino la mtoto, na waya mwingine mzima unacheza vilevile. Au umekaa imara, ukiugusa tu chaji inakatika: huenda lehemu imepasuka chini ya tundu. Ukiona ukijani kwenye miguso, ulimi umepinda, au kichwa cha waya kinakuchoma kidole, chomoa upeleke kwa fundi siku hiyohiyo.

Mimi nilichelewa. Miezi miwili nikiutegesha waya kwa kijiwe, nikidhani nimepata ujanja, kumbe kila nikiubana naupanua ule ufa wa lehemu. Fundi alipofungua akakuta njia za shaba zimeshang'oka kwenye bodi.

Kwa hivyo swali la kwanza kwa fundi lisiwe bei. Muulize tundu liko wapi. Simu nyingi hulibeba kwenye bodi ndogo ya chini, ambayo hutolewa ikatiwa nyingine. Likiwa limelehemiwa kwenye bodi kuu, tafuta mwenye mashine ya hewa moto na mkono uliozoea. Yangu ilikuwa bodi kuu.