Intaneti ya akiba iliyokula akiba yake

Usaili wa kazi ya kuandika programu, wa kwa video, ulikuwa saa tisa alasiri, na mimi tangu saa mbili asubuhi nilikuwa nimejipanga kama bwana harusi. Faiba ya nyumbani, hapa Kibokoni, inafika vizuri. Ruta nimeiunga kwenye betri yake ndogo ya volti 12, na kile kiboksi cha ukutani kinachopokea faiba nacho nimekiunga hapo hapo. Wengi hukisahau, stima ikipotea ruta inabaki inang'aa taa zote na intaneti haina habari. Juu ya hayo, simu yangu nimeichomeka kwenye laptopu kwa waya wa USB, hotspoti ya waya nimeiwasha, na bando la GB 1.5 limo ndani. Faiba ikizima, simu inachukua. Shangazi alichungulia mlangoni akauliza, "Mwanangu, wafungua kituo cha redio?"

Sasa nikuelezeni ujinga ulipokuwa.

Ukichomeka simu kwa USB, Windows haioni simu. Inaona waya wa mtandao, sawa na ule wa ofisini, na huuita kitu kama "Ethernet 3". Windows hukipa kila kiunganishi namba, na yenye namba ndogo ndiyo inayopita mbele. Waifai yangu ilikuwa na 50, waya wa simu 25. Kwa hiyo tangu saa mbili asubuhi laptopu iliiacha faiba ya kulipiwa kwa mwezi ikanywea kwenye bando la simu. Akiba ndiyo iliyokuwa mama mwenye nyumba. Dalili nilikuwa nayo mbele ya macho: pale pembeni chini, alama ya waifai yenye umbo la kipepeo cha kupepea moto imegeuka kidude cha kompyuta. Nikadhani ni mapambo mapya.

Hesabu yake nilikuja kuifanya baadaye, nikiwa nimeshika kichwa. Video ya watu wawili kwa ubora wa 720p hula kama megabiti 1.2 kwa sekunde kwenda na 1.2 kurudi, yaani karibu MB 18 kwa dakika. Mazoezi na binamu yangu, dakika 25: MB 450. Windows nayo, ikidhani iko kwenye waya wa bure, ikajishushia masasisho yake, kama MB 700. Zikabaki MB 350, ambazo ni dakika kumi na tisa za kuongea.

Na kweli, dakika ya kumi na tisa mhojaji aliganda mdomo wazi, kama changu aliyetolewa barafuni.

Hapo nikafanya kosa la pili. Nikalaumu faiba. Nikaruka, nikachomoa ruta, nikahesabu mpaka thelathini, nikarudisha. Ruta ile huchukua dakika tatu kuamka. Ndiyo kusema kitu pekee kilichokuwa kizima katika nyumba ile nilikizima kwa mkono wangu. Ningechomoa waya wa simu tu, waifai ingeshika njia, na ndani ya sekunde kumi au ishirini ningerudi. Video hukatika hata ukibadilisha njia salama, kwa sababu anwani yako ya mtandaoni imebadilika na programu lazima ibishe hodi upya. Huko kukatika kidogo si hitilafu, unangoja tu.

Mimi sikungoja. Nikarudi kwenye kile kihariri cha pamoja, ambapo mnaandika kodi ya programu wote wawili mkionana, nikitaka kujua kama kingali hai. Kursa inapepesa, herufi zinatokea. Nikaandika kwa hasira: "haloo haloo mashetani ya intaneti niachieni mimi". Juu kulikuwa na maandishi madogo ya kusema kimekata mawasiliano, basi nikajua niko peke yangu na Mungu wangu.

Vihariri vya aina hii havifanani. Vingine vikikatika hujifunga usiandike. Vingine huziweka herufi zako kwenye foleni, na mtandao ukirudi huzimwaga zote upande wa pili. Changu kilikuwa cha foleni.

Nikachomoa waya, nikaingia kwenye hotspoti ya shangazi, maana ruta bado ilikuwa usingizini. Mhojaji akayeyuka, akatabasamu, kisha nikamwona macho yakienda pembeni, akisoma. Akabonyeza kitufe cha kuendesha kodi. Ikakataa, mstari wa 14. Akaniuliza kwa adabu kubwa kama hayo ni maelezo yangu ya algorithimu, na kama ndivyo, nimesahau kuyatangulizia alama ya `#`. Nikasema ndiyo. Nikaiweka ile alama. Ikaendeshwa.

Dakika nne baadaye akaganda tena. Safari hii nilisikia sababu kutoka jikoni: shangazi anacheka na simu. Laini yake haina sauti ya 4G, ile inayoandikwa VoLTE. Simu ya namna hiyo ikipigiwa hushuka hadi 3G ili ipokee sauti, na hotspoti huzorota au hukwama mpaka mazungumzo yaishe. Kuizima mlio hakusaidii, kwani simu inashuka hata ikiwa kimya. Na mazungumzo ya shangazi huwa hayaishi, huwa yanaahirishwa.

Ruta ilikuwa imeshaamka, nikarudi kwenye waifai yake, tukamalizia kwa kuonyesha skrini. Hapo angalau nilikuwa mjanja, nikachagua dirisha moja badala ya skrini nzima, kikundi cha harusi kisije kikanianika. Ila majibu ya programu yalikuwa yanafunguka kwenye dirisha jingine, na mhojaji haoni ila lile nililomchagulia. Nikamweleza kwa dakika mbili jedwali ambalo kwake halipo, na yeye, mtu wa watu, akawa anaitikia.

Wakaniita duru ya pili, sijui kwa huruma au kwa lile jedwali. Usiku wake nikafungua PowerShell kama msimamizi:

```
Get-NetIPInterface -AddressFamily IPv4 | Sort-Object InterfaceMetric
Set-NetIPInterface -InterfaceAlias "Ethernet 3" -InterfaceMetric 500
```

Mstari wa kwanza unakuonyesha nani yuko mbele. Wa pili unaupeleka waya wa simu mkiani. Jina chukua lile unaloliona kwako, maana ukibadilisha simu au tundu la USB huenda likawa "Ethernet 4" na namba ikarudi ya zamani. Kisha nikajaribu kwa kweli: nikaanza simu ya video na binamu, nikazima waifai katikati. Picha ikaganda, ikarudi baada ya sekunde kumi na mbili. Nikawasha waifai tena, nikachungulia bando kama linasonga. Halisongi.

Safari hii laini ya akiba ilikuwa ya shangazi, kwa sababu eneo letu ndiyo inayoshika vizuri. Nikamwomba ruhusa, nikaelekeza simu zake zote kwenye kabambe yangu iliyoko jikoni kwa `**21*nambari#`. Simu zinageuzwa huko huko kwenye mtandao kabla hazijaifikia yake, kwa hiyo haishuki 3G. Usaili ukaenda saa nzima bila mtu kuganda.

Kurudisha ni `##21#`. Nilikumbuka siku ya tatu, Ijumaa, baada ya kupokea oda ya tano ya kaimati. Shangazi alikuwa ameketi barazani, analalamika kwa jirani kwamba wateja wote wa mtaa wamemhama.