Noti zinavuja, dakika za mwalimu hazivuji

"Sisi ni walimu watatu wa hesabu hapa Tororo, tunafundisha S3 na S4 kwa simu. Tuko na wanafunzi kama 40, wote wanalipa bei moja. Tunataka vifurushi vitatu. Tugawe kwa wingi wa noti na video, ama darasa la moja kwa moja likae juu peke yake? Na maswali bila kikomo tuyaweke wapi?"

Ndugu walimu, kugawa kwa wingi wa noti na video kuna hoja nzito upande wake, na sitaki kuipita haraka. Somo lililorekodiwa Jumapili moja mtoto wa kwanza atalitazama, na wa mia atalitazama, ninyi hamuongezi hata dakika. Kila mwanafunzi mpya anayeingia kwa noti peke yake karibu fedha yake yote ni faida. Ukiuza saa za mwalimu, kinyume chake, siku zenu zikijaa biashara imegonga ukuta, maana mko watatu na kila mmoja ana vipindi vyake shuleni.

Ila noti zinavuja. Mzazi mmoja akilipia kifurushi cha juu, faili la PDF lenye logarithimu linapita kwenye kundi la WhatsApp la darasa kabla ya chakula cha jioni. Huwezi kuziba. Nimeona mtu akiandika jina la mwanafunzi kwa rangi nyekundu katikati ya kila ukurasa, na bado kurasa zikapigwa picha zikasambaa na jina lake juu, mtoto wa watu akabaki kuulizwa na kila mtu.

Kuna sababu ya pili, ya hapa kwetu. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulianza 2020, na UCE ya kwanza chini yake ikafanywa 2024. Swali sasa linakuja kama hadithi: kuna mama ana shamba, ana mbegu, ana fedha kiasi fulani, mwanafunzi aamue na atetee uamuzi wake. Lile rundo la mitihani ya zamani ambalo sote tulikuwa tukilitegemea limepungua thamani. Mtoto anaweza kutazama video kumi za milinganyo na bado akashindwa kujua kwamba swali la mama wa shamba ni swali la milinganyo. Anachokosa ni mtu wa kumwonyesha kwenye karatasi yake mwenyewe mahali alipopotea. Kwa hiyo noti na video ningezipa ngazi zote tatu, sawasawa, bila kuficha hata moja. Kinachopanda kutoka ngazi hadi ngazi kiwe muda wa mwalimu na mtoto.

Kabla ya bei, wiki mbili nzima kila mwalimu aweke daftari pembeni aandike dakika: kusahihisha karatasi moja, kujibu swali moja, kuandaa kipindi. Wengi tunakisia, na tunakisia chini. Mimi nilikuwa nasema karatasi ya maswali matano ni dakika tano. Nilipopima ikawa kumi na mbili, maana kuna kusubiri picha ifunguke, kuigeuza, kumwomba mtoto aipige tena kwenye mwanga, halafu ndipo kalamu.

Tuseme basi ni dakika 12, na tuseme mnajilipa shilingi 15,000 kwa saa. Karatasi moja inagharimu 3,000. Ngazi ya chini iwe na noti, video, na karatasi moja ya kusahihishwa kwa mwezi, kwa 15,000. Hapo najua mtanipinga, maana mwenye biashara yeyote atasema ngazi ya chini isiguse muda wa mwalimu hata kidogo. Ana haki, 3,000 kati ya 15,000 si ndogo. Lakini mtoto ambaye hajawahi kuona mwandiko wa mwalimu kwenye kazi yake haachi kwa kelele, ananyamaza tu, na mwezi wa pili mzazi halipi. Tena karatasi ile ndiyo inayomfundisha mzazi ngazi ya kati ina nini. Hamna tangazo la bei hiyo litakalofanya kazi hiyo.

Ngazi ya kati: karatasi moja kila wiki, pamoja na darasa la pamoja la saa moja na nusu kila wiki, kwa 45,000. Kusahihisha kunakula 12,000 kwa mwezi. Darasa ni saa sita kwa mwezi, yaani 90,000, nalo linagawanywa kwa waliomo. Wakiwa 15 kila mmoja amebeba 6,000. Wakiwa watano, 18,000. Hata wakiwa watano mnabaki salama, gharama ni 30,000 kwa mtoto, ila kilichobaki kitamezwa na bando na kurekodi.

Ngazi ya juu: yote hayo, na nusu saa ya mtoto peke yake kila wiki. Mkiongeza dakika kumi za kumwandikia mzazi alichofanya, ni dakika 40 kwa wiki, kama saa mbili na dakika 40 kwa mwezi, 40,000. Jumla 58,000. Bei iwe 110,000.

Sasa wapangeni wale 40. Tuseme 25 wamekaa chini, tisa kati, sita juu. Mapato ni 375,000, 405,000 na 660,000, jumla 1,440,000. Muda wa walimu ni 585,000, yaani saa 39 kwa mwezi, 13 kwa kila mmoja wenu. Inabebeka. Lakini angalieni wale sita: wanaleta karibu nusu ya fedha yote. Familia mbili zikiondoka, 220,000 imekwenda, na kuijaza kwa ngazi ya chini mnahitaji watoto kumi na tano wapya. Hiyo ndiyo hatari ya ngazi ya juu ambayo mtu haioni akishangilia bei yake. Ningeiwekea mwisho, nafasi 12, na nisiitangaze kwa nguvu kuliko ya kati.

Maswali bila kikomo msiyaweke popote. Hili nasema kwa kidonda. Nilipoanza niliandika maneno hayo matatu kwenye ngazi ya juu kwa sababu yalipendeza kwenye bango. Kijana mmoja wa S3 akawa ananitumia picha saa kumi na moja alfajiri, daftari juu ya kitambaa cha meza chenye doa la chai, kazi ya shule ya siku hiyohiyo. Hakuwa na kosa, alikuwa anatumia alicholipiwa. Fanyeni hesabu: maswali matatu kwa siku, dakika saba kila moja, siku 20, ni saa saba. Hiyo ni 105,000 juu ya zile 58,000, na mtoto amelipa 110,000. Na baya zaidi, hakuwa anajifunza, alikuwa ananifanya mimi niandike kazi yake ya nyumbani.

Anayetetea maswali bila kikomo atasema wengi hawatayatumia, na ni kweli, wengi hawayatumii. Shida ni kwamba wanaoyatumia ndio watakaoamua usingizi wenu. Badala yake maswali yakusanywe hadi siku moja ya wiki, tuseme Jumatano, mwalimu ajibu kwa ujumbe wa sauti mmoja kwa kundi zima la kati na la juu. Swali la mmoja karibu kila mara ni swali la sita wengine waliokuwa na haya kuuliza.

Malipo yana mzozo wake. Hapa hakuna kadi ya benki inayokatwa yenyewe kila mwezi. Mzazi anatuma kwa MoMo au Airtel Money kwa mkono wake, kwa hiyo kila mwezi anaamua upya kama bado anawataka. Kulipa kwa muhula mzima kunawaokoa na kuombaomba, lakini mwanzo wa muhula ndio wakati mfuko wa mzazi umekaushwa na karo. Mwenye mshahara atapenda tarehe za mwisho wa mwezi. Anayeuza mitumba mpakani Malaba fedha yake inaingia kwa siku, naye mkimwekea wiki kwa 4,000 kwenye ngazi ya chini atalipa bila kunung'unika, japo gharama za kutuma na kutoa zitauma zaidi kwenye kiasi kidogo. Ningeruhusu wiki kwa ngazi ya chini peke yake. Za juu zina ratiba ya mwalimu, na ratiba haikodishwi kwa wiki.

Jambo ambalo swali lenu halikuligusa ni bweni. Shule nyingi za bweni haziruhusu simu, kwa hiyo mtoto wa bweni hana njia ya kuwafikia muhula mzima. Mkimuuzia mwezi wa Juni mnamuuzia hewa, na mzazi atagundua Agosti. Hawa msiwabane kwenye ngazi zenu tatu kabisa. Wapeni kifurushi cha likizo, wiki tatu, kazi ya kati iliyobanwa: karatasi mbili kwa wiki na madarasa mawili. Saa za madarasa zitaongezeka, lakini shule zikiwa zimefungwa ninyi pia mko na mchana.

Na kwa wa kutwa, angalieni simu ni ya nani. Darasa la saa kumi na moja jioni linaonekana zuri kwenye ratiba, ila simu yenye intaneti iko mfukoni mwa baba, na baba yuko kazini hadi saa mbili usiku. Niliwahi kuwa na darasa la watu 14 waliolipa na wanne waliofika. Kulihamishia Jumapili saa mbili usiku, kwa sauti na picha za ubao badala ya video, kuliwaleta kumi na mmoja, na bando likawa halilalamikiwi.

Majina ya dhahabu, fedha na shaba yaacheni. Mtoto atajua yeye ni shaba. Iteni ngazi kwa kazi yake: Soma, Sahihishiwa, Kaa na Mwalimu.

Baada ya miezi miwili rudini kwenye lile daftari la dakika. Kama watoto wa kati wanatuma karatasi mbili tu kati ya nne, msifurahie muda uliookolewa, hao ndio watakaoshuka au kuondoka mwezi ujao. Wapigieni wazazi wao kabla ya tarehe ya kulipa. Na kama 35 kati ya 40 wamejazana chini, msikimbilie kushusha bei ya kati. Kwanza angalieni ile karatasi moja ya mwezi inarudi kwa mtoto na nini juu yake. Alama ya vema na namba peke yake haimwonyeshi mzazi cha kununua.