Fundi, "Inategemea" Siyo Idadi ya Mifuko

Mama wa watu amesimama duka la vifaa vya ujenzi, anataka saruji ya jamvi, ile sakafu ya zege ya chini ya nyumba, pesa mkononi, Kirikuu ya kukodi inamsubiri nje na dereva ameshaanza kunung'unika. Anampigia fundi simu. "Fundi, jamvi lile la mita 10 kwa 12, ninunue saruji mifuko mingapi?" Fundi anavuta pumzi kama profesa: "Aah, mama, hapo inategemea." Inategemea nini? Hasemi. Mama anamgeukia muuza duka, naye bila hata kupepesa macho anajibu: "Chukua mia, mama, haitakupungukia."

Wote wawili wananikera, lakini wa kwanza zaidi. Muuza duka anauza, hiyo ndiyo kazi yake. Fundi ndiye mwenye hesabu kichwani, halafu anaikalia kwa kisingizio cha kuwa makini. Eti hawezi kusema mpaka ajue kila kitu. Bwana, mambo mengi unayajua tayari! Eneo umetajiwa. Mfuko wa kawaida ni kilo 50. Zege la 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, unalichanganya kila wiki, na unajua mita moja ya ujazo hula mifuko sita na kitu, tuseme 6.3. Umebakiza kitu kimoja tu, unene. Kwa nini hicho kimoja kifunge mdomo wote?

Jibu la kumpa lilikuwa hili, na linamalizika kabla vocha haijaisha: "Mama, nikichukulia jamvi lina unene wa sentimita 10, zege ni 1:2:4, na vipimo vyako ni vya ndani ya kuta, itaingia mifuko 80 pamoja na ya kumwagika. Kwa sasa nunua 50, hiyo haitakutia hasara. Halafu mwambie kijana aliyepo saiti avute kamba anipimie kina, nikupe idadi kamili jioni."

Hesabu yenyewe haina uchawi. Mita 10 mara 12 ni mita za mraba 120. Zidisha kwa 0.10 unapata mita za ujazo 12. Zidisha kwa 6.3, unapata mifuko 76. Ongeza asilimia 5 ya kumwagika na kubaki kwenye toroli, inafika 80. Hiyo 6.3 nayo ina asili yake: mchanganyiko mkavu hupungua ukishatiwa maji na kushindiliwa, kwa hiyo ili upate mita moja ya zege unahitaji kama mita 1.54 za vitu vikavu. Gawa kwa saba, yaani 1+2+4, saruji inakuwa mita 0.22. Mfuko mmoja una ujazo wa lita 35 hivi; gawa lita 220 kwa 35, unapata 6.3. Basi.

Sasa, kwa nini nikaulizia unene na siyo kitu kingine? Hapa ndipo mafundi wengi wanapopotea, hata wale wenye nia njema. Wanamrushia mteja maswali kumi kwa mpigo: mchanga wa wapi, kokoto za ukubwa gani, saruji ya nguvu gani, utatumia mashine au koleo, mvua itanyesha? Mteja anachoka, anamrudia yule wa mia. Kabla ya kuuliza, jaribu kila dhana uliyoiweka uone ikivunjika inahamisha mifuko mingapi. Asilimia ya kumwagika ikitoka 5 kwenda 10, ni mifuko minne. Vipimo vikiwa vya nje ya kuta badala ya ndani, kuta za inchi sita zinakula kama mita za ujazo 0.65, mifuko minne. Uwiano ukiwa 1:3:6 badala ya 1:2:4, mita ya ujazo hula mifuko 4.4 tu na jumla inashuka hadi 53 kabla ya kumwagika. Hiyo ni kubwa, lakini uwiano ni wewe fundi unayeuchagua, si swali la kumuuliza mama. Unene je? Ukiwa sentimita 15, kama inavyochorwa mara nyingi Kenya, tunazungumzia mita za ujazo 18, na mifuko inakaribia 120. Tofauti ya mifuko 40 kwa sentimita tano! Hilo ndilo swali. Mengine yote wekea dhana, yataje, songa mbele.

Na ukiuliza, uliza kitu ambacho mtu anaweza kwenda kukipima. "Unene ni ngapi?" ni swali baya kwa sababu mama atakujibu "wa kawaida", au atakutajia ule ulioandikwa kwenye ramani, na ramani haijui kifusi kimeshindiliwaje. Msingi umejazwa kwa koleo na vijana waliokuwa wanawahi chakula; kuna mahali kuna mabonde. Kifusi kikiwa chini kwa wastani wa sentimita mbili tu, eneo lile la mita za mraba 120 linameza mita za ujazo 2.4 za ziada. Hiyo ni mifuko 15 ambayo hakuna aliyeiba, ingawa kuna kibarua atasingiziwa.

Kwa hiyo swali liwe hivi: "Vuta kamba kutoka ukuta hadi ukuta pale usawa wa juu wa jamvi utakapofika, ikaze isilegee katikati, halafu shusha futi kutoka kwenye kamba hadi kwenye kifusi sehemu tisa, tatu kila mstari. Nitumie namba zote tisa." Usimwombe wastani, mwombe namba. Wastani atakaokuletea ni ule wa macho, na namba moja iliyochomoza ndiyo itakayokuonyesha kona iliyozama.

Kuhusu ile 50. Wengi wakitoa jibu la awali wanaishia kwenye 80, na mteja anabaki na swali lile lile: sasa ninunue au nisubiri? Jibu la awali lisilosema hatua gani ni salama leo ni nusu jibu. Angalia upande wa chini: jamvi likiwa jembamba la inchi tatu kwa 1:2:4, bado linataka mifuko 57. Kwa hiyo 50 itaingia tu. Hata ukaishia kwenye inchi tatu za 1:3:6, mifuko kumi itakayobaki utaipigia lipu. Saruji ikizidi kidogo na ikakaa pakavu, juu ya mbao, mbali na ukuta, haina hasara kubwa, mradi isilale stoo miezi mitatu ikaanza kuganda na kupoteza nguvu. Ikipungua katikati ya kumwaga ndiyo balaa. Zege la mwisho linaanza kushika, jua la saa saba halina huruma, gari linarudi na mifuko baada ya saa mbili, na unamwaga zege bichi kando ya lililokwisha kukauka. Hapo umejitengenezea mstari wa ufa kwa mkono wako, na maji ya chini yatautafuta. Ndiyo maana siku ya kumwaga huanzi mpaka mifuko yote ipo saiti.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wanaosema "inategemea" wana hoja moja. Jibu la awali lina miguu. Ukisema "80, nikichukulia sentimita 10", mama anamwambia mumewe "fundi kasema 80", mume anamwambia shemeji aliye Maskati anayetuma pesa "ni 80", na ile sentimita 10 imefia njiani. Wiki ijayo mnagombana. Dawa yake siyo kunyamaza. Dawa ni mpangilio wa sentensi: dhana itangulie, namba ifuate, zote katika pumzi moja. "Jamvi la sentimita 10 ni mifuko 80." Ukitamka "ni 80" kwanza kisha ukaanza kueleza, umechelewa, simu imeshakatwa. Na kama ni ujumbe wa maandishi, usiweke namba kwenye ujumbe mmoja na masharti kwenye mwingine; anayesambaza atasambaza ule wenye namba.

Kuna mahali nitanyamaza pia. Mtu akiniuliza nondo za slabu ya ghorofa kwa vipimo vya eneo peke yake, saruji nitamkadiria, nondo hapana. Siwezi kusema "nikichukulia nondo za milimita 12 kila sentimita 20" kwa sababu hiyo siyo dhana ya manunuzi, ni dhana ya watu kulala chini yake. Umbali kati ya boriti na boriti haujatajwa, uzito wa juu haujatajwa, na kosa lake halirekebishwi kwa kurudi dukani. Hapo mwombe mchoro wa mhandisi, mweleze kwa nini, basi. Jamvi la chini linakaa juu ya udongo. Likikosewa kidogo litapasuka, halitamwangukia mtu.

Mchanga na kokoto usivisahau kabisa, ingawa havina haraka ya saruji. Kwa dhana zile zile ni kama mita za ujazo 5.3 za mchanga na 10.6 za kokoto, kabla ya kumwagika. Usimtajie tripu kabla hujajua lori lina ujazo gani, maana "tripu moja" ya mtu na ya mwenzake ni vitu viwili. Na mchanga ukiwa na unyevunyevu huvimba hata kwa robo, hivyo ndoo inaonekana imejaa kumbe mchanga wenyewe ni pungufu. Anayepima kwa ndoo za lita 20, kila mfuko mmoja wa saruji ni ndoo tatu na nusu za mchanga na saba za kokoto, mchanga ukiwa mkavu.

Jioni namba zinakuja: 10, 11, 12, 13, 12, 14, 12, 13, 11. Jumla 108, wastani sentimita 12. Mita za ujazo 14.4, mara 6.3, ongeza asilimia 5: mifuko 96. Sasa usimtumie mama "96" peke yake, atadhani mchana ulimdanganya au sasa unamwibia. Mwandikie: "Mama, mchana nilichukulia sentimita 10, kamba imesema 12. Zile 80 zimekuwa 96. 50 unazo, ongeza 46. Au kijana ajaze kifusi sentimita mbili na kukishindilia vizuri, tubaki kwenye 80, uongeze 30 tu. Kifusi kilichobaki pale nje kinatosha?"