Kula zaidi na kupungua uzito: hoja ya msongamano wa nishati na mipaka yake

Ukigawanya kilokalori za chakula kwa uzito wake katika gramu, unapata kipimo kiitwacho msongamano wa nishati. Maji yako chini kabisa kwa sifuri, mafuta matupu yako juu kabisa kwa 9, na kati yao kuna wanga na protini, ambavyo kila kimoja hutoa takriban kilokalori 4 kwa gramu. Kwa kuwa maji yana uzito lakini hayana nishati, kiasi chake ndani ya chakula ndicho kinachoamua kwa sehemu kubwa chakula hicho kitaangukia wapi. Zabibu mbichi zina takriban kilokalori 0.7 kwa gramu, na zikikaushwa hufikia 3, ingawa sukari iliyomo ni ile ile. Viazi vilivyochemshwa havifiki 1. Vikikatwa vyembamba na kukaangwa hadi vikauke huvuka 5, kwa sababu maji yametoka na mafuta yamechukua nafasi yake.

Wanaotetea ulaji wa msongamano mdogo wanajenga hoja yao juu ya jambo moja lililoonekana mara nyingi katika majaribio: mtu anayejipakulia mwenyewe huelekea kula uzito unaokaribiana wa chakula kutoka mlo hadi mlo, hata pale nishati iliyomo inapobadilishwa bila yeye kujua. Ikiwa ndivyo, basi kupunguza kilokalori katika kila gramu kunapunguza jumla yake bila kumwachia mtu sahani iliyo nusu tupu. Barbara Rolls wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, ambaye ndiye aliyeichunguza hoja hii kwa muda mrefu kuliko wengi, alichapisha mwaka 1999 jaribio ambalo bado naliona kuwa lenye mafunzo zaidi. Wanawake wasio na unene walipewa kitangulizi cha kuku, wali na mboga kabla ya chakula cha mchana. Siku moja kililetwa kikavu, siku nyingine kikavu pamoja na glasi ya maji, na siku nyingine maji yale yale yalipikwa ndani yake kikawa supu. Nishati ya kitangulizi haikubadilika, lakini baada ya supu walikula takriban kilokalori 100 pungufu kwenye mlo uliofuata, ilhali glasi ya maji iliyonywewa kando haikuleta tofauti ya maana. Kwa hiyo haitoshi kumwambia mtu anywe maji mengi mezani; maji yanayosaidia ni yale yaliyoshikwa ndani ya chakula chenyewe.

Tuchukue sahani moja tuipime. Ina gramu 300 za wali, gramu 100 za kuku asiye na ngozi, gramu 80 za mboga, na vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya kupikia. Wali unatoa kilokalori 390, kuku 165, mboga 20 na mafuta takriban 240. Jumla ni 815 katika gramu zipatazo 507, sawa na msongamano wa 1.6. Sasa punguza wali uwe gramu 180, ongeza mboga hadi gramu 300, mwache kuku kama alivyo, na tumia kijiko kimoja cha mafuta. Nishati inashuka hadi kilokalori 594, uzito wa chakula unapanda hadi gramu zipatazo 594, na msongamano unakuwa 1.0. Mlaji ameongezewa zaidi ya gramu 80 za chakula na amepunguziwa kilokalori 221.

Hesabu hiyo pia inaonyesha mahali mpango unapovunjikia. Zaidi ya nusu ya akiba imetokana na kijiko kimoja cha mafuta, ambacho uzito wake ni gramu 14 tu. Mboga hizo gramu 300 zikikaangwa kwa mafuta yanayomiminwa bila kupimwa, faida yote inaweza kutoweka huku sahani ikionekana ile ile. Kosa la pili ni kuongeza mboga bila kupunguza chochote: hapo wastani wa msongamano unashuka vizuri sana kwenye karatasi, lakini jumla ya nishati inapanda. Kosa la tatu ni vinywaji. Soda ina takriban kilokalori 0.4 kwa gramu, kiwango cha matunda mengi, na mtu anayefuata namba peke yake angeihesabu kuwa chakula chepesi. Lakini kinywaji hakishibishi kama chakula, na ndiyo maana watafiti wengi huviacha vinywaji nje ya hesabu hii. Mtu akiona uzito umesimama kwa wiki kadhaa ilhali sahani zake zimejaa mboga, achunguze kwanza chupa ya mafuta na vinywaji kabla ya kulaumu mwili wake.

Upande wa pili una hoja ambazo hazistahili kupuuzwa. Mlo mmoja katika maabara si mwaka mmoja wa maisha. Kundi hilo hilo la Rolls lilichapisha mwaka 2007 jaribio la mwaka mzima kwa wanawake wenye unene uliokithiri: baadhi walishauriwa kupunguza mafuta, wengine kupunguza mafuta na pia kuongeza matunda na mboga. Waliopunguza mafuta pekee walipoteza wastani wa kilo 6.4, na waliojumuisha matunda na mboga kilo 7.9. Kundi la pili lilikula chakula kingi zaidi kwa uzito na kuripoti njaa kidogo, jambo ambalo kwa anayeishi na lishe ya kupunguza uzito si dogo. Hata hivyo tofauti ya kilo moja na nusu kwa mwaka iko mbali na ahadi zinazotangazwa.

Pingamizi zito zaidi linatokana na kazi ya mtafiti wa lishe Kevin Hall iliyochapishwa mwaka 2021. Watu wazima 20 walikula kwa hiari yao, wiki mbili lishe ya mimea yenye mafuta kidogo na wiki mbili lishe ya nyama yenye wanga kidogo sana, ambayo msongamano wake ulikuwa karibu mara mbili ya ile ya kwanza. Kwenye lishe nyepesi walikula karibu kilokalori 700 pungufu kwa siku, kama watetezi wangetabiri. Lakini kwenye lishe nzito ulaji wao ulishuka kwa karibu kilokalori 300 kwa siku katika wiki ya pili, na uzito ulipungua katika lishe zote mbili, ingawa upungufu dhahiri wa mafuta ya mwili ulionekana kwenye ile nyepesi. Kwa maoni yangu matokeo hayo hayaiangushi hoja ya msongamano, ila yanaondoa dai kwamba huo ndio mlango pekee. Mwili unapokea ishara nyingine pia, na kiasi cha protini ni mojawapo.

Kuna pia watu ambao kwao kanuni hii ni ya kugeuzwa. Mtoto mdogo ana tumbo dogo na mahitaji makubwa ya nishati kwa kila kilo ya mwili wake, hivyo uji mwepesi uliojaa maji humshibisha kabla hajapata kinachomtosha. Mzee aliyepoteza hamu ya kula na mgonjwa anayekonda wako katika hali hiyo hiyo. Kwao kijiko kile cha mafuta tulichokiondoa kwenye sahani ndicho cha kuongezwa, kwa sababu kinaleta kilokalori 120 bila kuchukua nafasi tumboni.