Simulizi moja ya barabarani, maswali matano

“Mwalimu, nikiielewa vibaya ile hadithi ya barabarani, si maswali yote matano yanakwenda na maji?”

Unauliza kuhusu mtindo wa mtihani wa nadharia ya udereva ambao mtahiniwa husoma simulizi moja fupi, kisha hujibu maswali matano juu yake. Jibu linategemea mtungaji ameyaunganisha maswali hayo namna gani. Nikitunga zoezi la darasa letu hapa Mwanza, naweza kuandika hivi: ni saa moja jioni, giza linaingia na mvua nyepesi inanyesha. Dereva wa pikapu iliyobeba dagaa anatoka Igoma kuelekea mjini kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Karibu na Buzuruga, daladala lililo mbele yake linawasha indiketa ya kushoto na kusimama hatua chache kabla ya kivuko cha waenda kwa miguu. Swali la kwanza linauliza dereva huyo alipaswa kuacha sekunde ngapi kati yake na daladala lilipokuwa likitembea, la pili linauliza sekunde hizo ni sawa na mita ngapi, na la tatu linauliza kama anaruhusiwa kulipita daladala pale liliposimama.

Faida ya mtindo huu inaonekana katika swali la kwanza. Kanuni ya sekunde mbili kila mwanafunzi anaiimba, lakini neno “mvua” katika simulizi ndilo linalozifanya ziwe nne, kwa sababu kwenye lami iliyolowa gari huchukua umbali mrefu zaidi kusimama. Anayekariri ataandika mbili, na anayeiona barabara kichwani ataandika nne. Swali la mkato la “sekunde ngapi wakati wa mvua” lisingewatenganisha watu hawa wawili, maana mvua ingekuwa imetajwa mbele ya macho yao.

Ubaya unaanzia kwenye swali la pili. Mwendo wa kilomita 50 kwa saa ni karibu mita 14 kwa sekunde, hivyo sekunde nne ni kama mita 56. Aliyeandika mbili hapo juu atapiga hesabu yake bila kosa na kupata mita 28, kisha atakoseshwa mara ya pili kwa kosa lilelile. Huo ndio mnyororo unaouhofia, na hofu yako ina msingi.

Katika mtihani wa nadharia wa Uingereza, ambako simulizi yenye maswali matano iliingizwa mwaka 2009, maswali ni 50 na anayefaulu hupata angalau 43. Maana yake ni kwamba unaruhusiwa makosa saba tu. Enzi za simulizi hiyo, moja iliyosomwa vibaya ilipokumaliza maswali yote matano, ulibakiwa na makosa mawili kwa maswali 45 yaliyosalia. Mwaka 2020, kwa madereva wa magari madogo, simulizi ya maandishi iliondolewa na kuwekwa video fupi yenye maswali matatu, na mojawapo ya sababu zilizotolewa ni kuwapunguzia mzigo wenye shida ya kusoma. Naiona sababu hiyo kuwa ya haki, kwani barabarani hakuna anayesomewa aya.

Wapo wanaosema tiba ni kulifanya kila swali lijitegemee. Tujaribu. Swali la pili tuliandike upya: “Akiacha sekunde nne kwa mwendo huo, ni mita ngapi?” Mnyororo umekatika, lakini sasa jibu la swali la kwanza limeanikwa, na mtahiniwa anayeruhusiwa kurudi nyuma atalisahihisha bila kujua mvua inahusika vipi. Basi tubadilishe tarakimu na kuuliza kuhusu sekunde tatu, ambazo ni kama mita 42. Uvujaji umekwisha, ila swali halihitaji tena pikapu, wala dagaa, wala Buzuruga. Ukiifunika simulizi kwa kiganja bado utalijibu, na hapo simulizi imekuwa pambo linalomchosha msomaji wa polepole bure.

Swali la tatu, kwa maoni yangu, ndilo lililotungwa vizuri. Haruhusiwi kupita, kwa sababu daladala lililosimama kabla ya kivuko linaweza kuwa limemsimamia mtu anayevuka, naye haonekani kutoka nyuma. Ukiifunika simulizi huwezi kulijibu, na ukiwa umekosea sekunde hapo juu bado unaweza kulipata. Maswali ya namna hii ni magumu kuyatunga, na katika tukio moja fupi ni nadra kuyapata matano. Kwa hiyo katika zoezi letu la wiki ijayo nimeacha mawili yanayoitegemea simulizi, la sekunde na la kivuko, na hesabu ya mita nimeihamishia kwenye maswali ya kawaida.