Pesa haijapotea: pochi ya mpokeaji ndiyo haijawa tayari

Mtu anatuma tokeni 20 za USDC, zinazofuata thamani ya dola, kwenye mtandao wa Stellar, programu inajibu "muamala umeshindikana", naye anajaribu tena na tena. Kurudia hakusaidii kitu, kwa sababu hitilafu haiko kwake. Pochi ya mpokeaji haina mahali pa kuiweka USDC hiyo. Kwa maoni yangu programu inayoficha sababu hii inamkosea mtumiaji, maana mtandao wenyewe huitaja waziwazi.

Anwani ya Stellar inayoanza na herufi G ni ufunguo tu. Mtu anaweza kuitengeneza hata simu ikiwa haina intaneti, na daftari la mtandao lisijue kama ipo. Akaunti huandikwa daftarini pale mtu anapoifungua kwa angalau 1 ya XLM, sarafu ya Stellar yenyewe, ambayo hubaki humo kama akiba ya lazima. Hata ikishafunguliwa, inapokea XLM peke yake. Kila tokeni nyingine inahitaji idhini ya mwenye akaunti, ile inayoandikwa `trustline` kwenye skrini, na kila idhini inaongeza akiba ya lazima kwa XLM 0.5.

Sasa tuufuate muamala wetu wa USDC 20. Mara ya kwanza unakataliwa kwa `op_no_destination`: akaunti haipo. Mtumaji anaifungua kwa XLM 1, anatuma tena, na safari hii jibu ni hili:

```
"result_codes": {
  "transaction": "tx_failed",
  "operations": ["op_no_trust"]
}
```

Yaani akaunti ipo, idhini ya USDC haipo. Mpokeaji anajaribu kuiweka, anakutana na `tx_insufficient_balance`, kwa kuwa XLM 1 aliyonayo yote imeshikwa na akiba, hata ya kulipia ada haipo. Wanapiga hesabu, 1 na 0.5, mtumaji anaongeza XLM 0.5 kamili, na bado inagoma, safari hii kwa `op_low_reserve`! Ada ya chini ya muamala ni XLM 0.00001, nayo hukatwa kwanza, hivyo salio linashuka hadi 1.49999. Ni upungufu mdogo mno, lakini mtandao hausamehi. Ndiyo maana ni heri kumfungulia mtu akaunti kwa XLM 2 tangu mwanzo kuliko kubana senti.

Katika misukosuko yote hiyo, zile USDC 20 hazijatoka kwa mtumaji. Kilichokatwa ni ada tu. Akiba nayo haijaliwa: mpokeaji akiimaliza USDC yake na kuifuta idhini, ile XLM 0.5 inakuwa huru kutumika.

Kuhakikisha kabla ya kutuma ni jambo la nusu dakika. Fungua `https://horizon.stellar.org/accounts/` na ubandike anwani ya mpokeaji mwishoni. Ukipata kosa la 404, akaunti haijafunguliwa. Ukipata maelezo, tazama sehemu ya `balances`: USDC iwemo, na `asset_issuer` yake iwe ileile ya USDC unayotuma. Hapa wengi huteleza. Yeyote anaweza kutoa tokeni na kuiita USDC, na mpokeaji aliyeidhinisha ya mtoaji mwingine bado ataleta `op_no_trust`, ingawa jina linasomeka sawa kabisa kwenye pochi yake.

Mtandao wa Solana umechukua njia tofauti. Huko pia kila tokeni ina akaunti yake chini ya pochi, ila mtumaji anaweza kumfungulia mpokeaji bila kumwomba saini. Gharama yake kwa muda mrefu imekuwa takribani 0.002 ya SOL, sarafu ya Solana yenyewe, na inatoka kwa mtumaji. Kwa hiyo mwenye USDC tele lakini SOL 0.001 tu atakwama anapomtumia mtu mpya, wakati kwa mtu wa siku zote inapita vizuri, kwani akaunti yake ya tokeni tayari ipo.

Njia ya Solana ni nyepesi, lakini mimi naitetea ya Stellar. Kushika tokeni ni kumwamini aliyeitoa, na ni haki ya mtu kuamua mwenyewe nani wa kumwamini. Ninachopinga ni kumwachia mpokeaji mgeni atafute XLM kabla hajapokea chochote. Stellar inaruhusu mtu mwingine kudhamini akiba hiyo, mpokeaji akabaki na kazi ya kutia saini tu. Programu isiyotaka kubeba gharama hiyo basi iangalie `balances` kabla ya kuonyesha kitufe cha kutuma, na imwambie mtumaji: "Mpokeaji hajaidhinisha USDC. Mwombe aidhinishe kwanza. Anahitaji kuwa na XLM 0.50001 ambayo haijashikwa na akiba."